Kodi za wimbo wa jahazi, kwa maneno badala ya picha

Mpwa wangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Picha ya mchoro wa kodi za gitaa uliyoniomba haipo tena, kwa sababu simu yangu ilitumbukia baharini nilipokuwa nikishuka mashua Mokowe, na karatasi yenyewe ilikwisha kuliwa na unyevu zamani. Hata hivyo vidole vyangu vingali vinaukumbuka wimbo, kwa hiyo nimekaa na gitaa mapajani, nimeshika kila kodi na kuandika ninachokiona, ili uweze kuupiga kwenye harusi hapo Malindi Ijumaa usiku.

Uzi wa sita ndio ule mnene ulio karibu na uso wako, na uzi wa kwanza ndio mwembamba ulio chini kabisa. Nyuzi ziwe katika mlingano wa kawaida, yaani E, A, D, G, B, E kuanzia wa sita. Freti zihesabu kutoka upande wa kichwa cha gitaa. Katika tarakimu zifuatazo, ya kushoto kabisa ni ya uzi wa sita na ya kulia kabisa ni ya uzi wa kwanza. Sifuri ni uzi unaopigwa bila kushikwa, na x ni uzi usiopigwa.

```
Am  x02210
G   320003
F   xx3211
E   022100
Dm  xx0231
```

Kwa Am, weka kidole cha shahada kwenye uzi wa pili freti ya kwanza, cha kati kwenye uzi wa nne freti ya pili, na cha pete kwenye uzi wa tatu freti hiyohiyo ya pili. E ni umbo hilohilo, ila vidole vyote vitatu vinahamia uzi mmoja kuelekea usoni kwako: cha kati kinakaa uzi wa tano, cha pete uzi wa nne, na cha shahada uzi wa tatu freti ya kwanza.

Hapo kwenye kidole cha shahada nakuomba utulie, kwani ndipo ulipo utamu wote wa wimbo. Sauti ile ya uzi wa tatu freti ya kwanza ndiyo inayoupa ladha ya taarabu, na ndiyo inayomvuta msikilizaji arudi kwenye Am. Kidole kikiinuka, kodi inageuka kuwa Em, na ingawa haitasikika kama kosa, wimbo utapoa. Marehemu babu yako alikuwa akinipiga kofi la mkono kila nilipokiachia.

Katika G, kidole cha kati kinashika uzi wa sita freti ya tatu, cha shahada uzi wa tano freti ya pili, na cha pete uzi wa kwanza freti ya tatu. Katika Dm, cha kati kiko uzi wa tatu freti ya pili, cha pete uzi wa pili freti ya tatu, na cha shahada uzi wa kwanza freti ya kwanza.

F ndiyo ngumu. Laza kidole cha shahada juu ya nyuzi mbili, wa kwanza na wa pili, kwenye freti ya kwanza. Cha kati kiweke uzi wa tatu freti ya pili, na cha pete uzi wa nne freti ya tatu. Uzi wa kwanza ukikwaruza, kigeuze kidole kidogo kwa ubavu, upande wenye mfupa, na ukisogeze karibu na chuma cha freti bila kukipanda juu.

Kianzio hupigwa kwa kidole gumba peke yake, mapigo manne kila sauti: uzi wa tano mtupu, uzi wa sita freti ya tatu, uzi wa sita freti ya kwanza, kisha uzi wa sita mtupu. Baada ya hapo ndipo mwimbaji anaingia, na kila kodi inakaa mapigo manne:

```
Am             G
Tanga limekwisha twekwa
F              E
Kusi yavuma bandari
Dm             Am
Mpenzi nakungojea
F              E
Hata mwezi uandame
```

Kwa kuwa mwimbaji ni shangazi yako, ambaye sauti yake iko juu kuliko yangu, funga kapo kwenye freti ya pili na uhesabu freti zako kuanzia hapo kwenye kapo, bila kubadili umbo lolote. Ubeti wa mwisho ukiisha, usikimbilie kufunga: iache E ilie mapigo manane, msubiri avute pumzi, ndipo ushuke kwenye Am mara moja tu, ukianza na uzi wa tano.

Mjomba wako,
Langoni, Lamu