Barua kwa Baba na Mama Idrisa

Ofisi ya Ushauri na Unasihi,
Tanga.
12 Agosti 2024

Baba Idrisa na Mama Idrisa,
Makorora, Tanga.

YAH: HALI YA KIJANA WETU IDRISA, KIDATO CHA TATU, NA OMBI LA KUONANA

Assalaam alaykum.

Najua mzazi akipokea bahasha ya shule moyo humwenda mbio, kwa hiyo naanza na hilo. Idrisa hajafanya kosa. Hajapigana, hajaiba, hajakutwa na kitu chochote, na hakuna kikao cha nidhamu kinachomsubiri. Mkuu wa shule anajua kwamba nawaandikia, lakini hii si barua ya onyo. Nawaandikia kwa sababu nina wasiwasi na kijana wenu, na ninyi ndio mnaomjua kuliko mimi.

La pili, poleni sana kwa msiba wa bibi. Pole hii imechelewa miezi mitatu, na hilo ni kosa letu. Sisi shuleni hatukujua kwamba mwezi wa tano mlikuwa Pangani kwa mazishi. Rejesta ya darasa inaonyesha Idrisa alikosekana siku nne na mbele ya jina lake tukaandika "mtoro". Aliporudi alipewa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya maabara, akafyeka, hakusema neno. Wiki iliyofuata akaanza mtihani wa muhula. Nimeyajua haya Ijumaa iliyopita, yeye mwenyewe aliponiambia, na nimeshamwomba radhi. Nawaomba radhi na ninyi.

Mimi namfundisha Jiografia tangu Kidato cha Kwanza, kwa hiyo ninaposema amebadilika simlinganishi na watoto wengine, namlinganisha na yeye mwenyewe. Idrisa ninayemjua mimi ni yule aliyesimama darasani mwaka jana akaniambia, kwa adabu zake zote, kwamba mto Pangani nimeuchora unaingia baharini mahali pasipo. Alikuwa sahihi, amekulia kule. Siku hizi anakaa dawati la mwisho pembeni ya ukuta. Tangu tufungue mwezi wa saba anafika baada ya kengele karibu kila siku, na kipindi cha tatu kikifika kichwa kiko juu ya mikono. Bailojia alikuwa na 68 mwezi wa tatu, mtihani wa muhula akapata 31. Saa ya chakula anachukua makande yake kama wengine, anayazungusha na kijiko, halafu sahani inakwenda kwa rafiki yake. Daftari langu la Jiografia ameandika tarehe na kichwa cha somo kurasa sita mfululizo, chini yake hakuna kitu.

Lililonifanya nisisubiri tena ni hili. Jumatano ya tarehe 7, siku moja kabla ya Nane Nane, tulikuwa uwanjani saa ya michezo. Idrisa alitoka darasani na zile glovu zake za ugolikipa, za bluu, ambazo nadhani mnazifahamu maana alikuwa hazitoi mkononi hata kwenye daladala. Alimwita mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza anayejifunza kudaka, akampa. Yule mdogo akauliza, "Za kwangu kabisa, kaka?" Idrisa akamjibu, "Chukua, mimi sizihitaji tena." Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi ya tangi la maji, begi mapajani, mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Inawezekana zimembana tu, au amechoka na mpira. Lakini kijana anapoanza kugawa kitu alichokipenda, na huku halali vizuri, hali vizuri na amejitenga, kwa kazi yangu siruhusiwi kulipuuza. Ijumaa tulikaa pamoja na nikamuuliza waziwazi kama huwa anawaza kufa au kujidhuru. Najua swali hilo linatisha. Wengi wetu tunaogopa kwamba kumuuliza mtoto ni kama kumtia wazo hilo kichwani. Sivyo, na mara nyingi anayeulizwa hupumua kwa kuona kuna mtu yuko tayari kusikia jibu. Alisema, "Hapana mwalimu. Nimechoka tu." Alinitazama machoni aliposema hivyo, na namwamini kwa siku ile. Hata hivyo nisingependa kumwamini kwa mwezi mzima bila kumuuliza tena, ndiyo maana mchana uleule nilimpigia Mama Idrisa. Mama, ulikuwa sokoni Mgandini, wateja wamekuzunguka, na niliona hapakuwa mahali pa kuzungumza jambo la namna hii. Nikaona heri niandike, mpate kusoma kwa utulivu, wote wawili.

Sijui kinachomsumbua. Nasema hivyo kwa dhati, sifichi kitu. Huenda ni huzuni ya bibi aliyemlea mpaka darasa la nne, na ambaye hakupata kumlilia. Aliniambia kwamba siku ya maziko watu wazima walimwambia ajikaze, yeye ni mwanaume. Walimwambia kwa mapenzi, sote tumeambiwa hivyo na sote tumewaambia wengine. Ila machozi yasiyotoka huwa hayaishi, yanageuka usingizi, hasira, au kichwa kuuma kila asubuhi. Huenda pia kuna jambo lingine kabisa ambalo mimi silioni na ninyi mnaliona. Mimi namwona kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Saa zilizobaki zote mnazo ninyi.

Nadhani pia najua yanayoweza kupita kichwani mwenu mkisoma hapa, kwa sababu wazazi wengi waliokaa kwenye kile kiti changu wameyasema. Kwamba labda ameanza bangi. Sijaona dalili yake, sijasikia kwa wenzake, na nawaomba msimpekue wala kumshutumu kwa hilo. Kwamba amechezewa, au ana jini. Kama mnamsomea dua au mmempeleka kwa shehe, endeleeni, hakuna ninachokipinga. Ninachoomba tu ni kwamba dua na hospitali viende pamoja, kimoja kisimngoje mwenzake. Na wengine hunyamaza kimya kwa muda mrefu kisha huuliza, "Tumekosea wapi?" Baba Idrisa, kazi yako ya lori inakupeleka Tunduma na kurudi, na mwezi mwingine unalala nyumbani siku nne. Idrisa hakulisema hilo kwa lawama. Alilisema akinihesabia mikoa unayopita, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma ramani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Watoto hao wanatoka kwenye nyumba zenye baba na mama, zenye mama peke yake, zenye pesa na zisizo nazo. Sikuiti uje kujitetea.

Mpaka tutakapoonana, ningeomba mambo machache nyumbani. Msimpige, hata akichelewa kuamka. Kijana wa miaka 16 anahitaji usingizi wa saa nane mpaka kumi, na yeye ameniambia kuna usiku anasikia adhana ya alfajiri hajafumba macho. Msimketishe sebuleni mbele ya wajomba na kumhoji. Watoto wa umri huu husema zaidi wakiwa na kazi mkononi na hamtazamani usoni: Mama anaparua samaki, yeye anakuna nazi. Sentensi moja inatosha. "Mwanangu, nimeona siku hizi huli. Sijakasirika, ila nakuwaza." Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Akisema "hakuna kitu", mwambie sawa, na kesho kaa naye tena. Na kama mnaweza, mtajeni bibi mbele yake. Hadithi zake, namna alivyokuwa akimwita. Nina hisia kwamba nyumba nzima inamkwepa asije akalia.

Hili lifuatalo naliandika nikiomba lisihitajike. Ikitokea akasema kwamba amechoka kuishi, kwamba mngekuwa na nafuu bila yeye, au akaanza kuaga watu, msimwache peke yake hata kwenda chooni mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Dawa za bibi za presha kama bado zipo ndani, sumu ya panya, mafuta ya taa, ondoeni leo, bila kumtangazia. Mleteni Hospitali ya Bombo saa yoyote, ya usiku au ya mchana, mwambieni wa mapokezi waziwazi alichosema. Mnipigie na mimi. Namba yangu Mama Idrisa unayo, ndiyo ile niliyokupigia Ijumaa, na simu haizimwi. Ipo pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, na Idrisa mwenyewe anaweza kuipiga.

Kuhusu masomo, nimezungumza na walimu wake. Mtihani wake wa taifa ni Novemba mwakani, muda upo. Wiki hizi hatachapwa wala kutolewa nje kwa kuchelewa. Akifika anapita ofisini kwangu kwanza, ananywa chai, kisha anaingia darasani. Mwalimu wa michezo hajampa mtu mwingine jezi namba moja.

Ningefurahi tukionana Alhamisi hii, tarehe 15 Agosti, saa kumi jioni, kwa kuwa Mama alisema Baba anatarajiwa kurudi Jumatano usiku. Lori likichelewa, basi Jumamosi tarehe 17 saa tatu asubuhi. Mama, ukitaka kuja kesho peke yako, njoo, sitasubiri mpaka mtimie. Na kama kuja shuleni kunawapa uzito kwa macho ya watu, semeni tu, nitakuja Makorora mimi baada ya magharibi kama mgeni yeyote. Idrisa atachagua mwenyewe kama akae nasi tangu mwanzo au aingie baadaye. Yatakayosemwa hayatatoka mle ndani bila ridhaa yenu na yake, isipokuwa pale uhai wake utakapokuwa hatarini.

Hamna haja ya kuja na kitu. Ila kama mnakumbuka ni lini hasa mlianza kuona tofauti, na ni saa ngapi au mahali gani anakuwa na unafuu kidogo, hayo yatanisaidia sana.

Jambo la mwisho ambalo mnastahili kulijua. Barua hii nimemsomea Idrisa mwanzo hadi mwisho kabla ya kuifunga, isipokuwa kile kipande cha dawa na sumu. Aliniomba nifute sentensi moja, nikaifuta. Si jambo la hatari, lingekuwa la hatari nisingelifuta. Ni lake, na atalisema akiwa tayari. Nilipomuuliza kama kuna cha kuongeza, alifikiri kidogo akasema, "Mwambie mama wali wa juzi nilikula, nilikula usiku."

Wenu,

Mwalimu Rehema
Mwalimu wa Ushauri na Unasihi