Meseji yako kwa meneja, nimeipunguza hivi

Mdogo wangu,

Nimeisoma mara mbili kwenye kivuko cha Kamanga, na mara ya tatu baada ya kushuka Mwanza. Afadhali ulinitumia mimi saa 7 ile ya usiku, hukumtumia yeye. Naibandika tena uione ukiwa umelala na kuamka:

"Meneja mmeninyang'anya nusu ya mshahara kwa samaki walioharibika wakati kila mtu anajua jenereta halikuwa na dizeli. Dizeli inaishia kwenye gari lako jipya. Mimi si mtumwa. Ndugu yako wa stoo ndiye mwenye ufunguo na hajakatwa hata senti. Nilikupigia ukazima simu. Zamu nzima tumekuchoka. Nirudishieni hela yangu kabla ya Ijumaa la sivyo naacha kazi na nawapeleka Tume."

Kwanza hiyo nusu. Salari slipu uliyonipigia picha inaonyesha 420,000, makato ya "uharibifu wa mzigo" 85,000. Hiyo ni kama sehemu moja ya tano. Ukiandika nusu, atajibu nusu tu, atakuita mwongo, na dizeli haitaguswa kamwe. Weka 85,000 kama ilivyo. Inauma vya kutosha.

Gari nimelifuta. Ulimwona akijaza? Hukumwona. Hata kama ni kweli, hapo utakuwa umemtuhumu wizi kwa maandishi, na kesi itageuka kuwa yako.

Undugu wa yule wa stoo nao nimeutoa, ila ufunguo nimeubakiza, maana ndiyo hoja yako kubwa: dizeli ilikuwepo, stoo imefungwa, na zamu ya usiku haikuachiwa ufunguo. Hilo halihitaji ukoo wa mtu.

"Ukazima simu" hujui. Simu haikupokelewa, basi. Saa ulizopiga ziko kwenye simu yako, usizifute.

"Zamu nzima tumekuchoka" nimeitoa bila kufikiri mara mbili. Wenzako hawajakutuma, na akianza kuwaita ofisini mmoja mmoja utabaki peke yako.

Hapa kwenye "mimi si mtumwa" nilikwama. Naijua ilikotoka, nami ningeiandika. Lakini sitaki ajifanye hakuumiza mtu, kwa hiyo nimekuwekea sentensi moja ya maumivu, iliyonyooka.

Kuacha kazi, futa kabisa. Kodi ya Igoma nani atalipa? Akikujibu "sawa, acha", utafanyaje? Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, haihami, na kwenda ni haki yako, usiitaje mwanzoni. Kilicho na nguvu ni utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inamtaka mwajiri kabla ya kukata fidia ya hasara aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, nawe upewe nafasi ya kupinga. Wewe umeletewa slipu tu. Nimeuliza kwa upole juu ya hayo bila kutaja namba ya kifungu. Ofisi yao ya utumishi itaitambua yenyewe.

Itume kwa barua pepe asubuhi, nakala kwa afisa utumishi. Usitume wasap. Na picha ya daftari la joto ibaki kwako pia, daftari hupotea.

"Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Naomba ufafanuzi kuhusu makato ya shilingi 85,000 kwenye mshahara wangu wa Machi, yaliyoandikwa 'uharibifu wa mzigo'.

Usiku wa Jumanne tarehe 11 kuamkia Jumatano tarehe 12 Machi umeme ulikatika saa 5:40. Jenereta liliwaka dakika chache likazimika kwa kukosa dizeli. Stoo ya dizeli ilikuwa imefungwa na ufunguo haukuachwa kwa zamu ya usiku. Nilikupigia saa 6:05 na saa 6:30, simu haikupokelewa. Joto la chumba cha baridi niliandika kila saa: saa 6 nyuzi 2, saa 8 nyuzi 9. Minofu ya sangara niliyoweza niliiongezea barafu. Picha ya ukurasa huo nimeiambatanisha.

Sijapewa maelezo ya maandishi jinsi hasara ilivyokadiriwa wala nafasi ya kujieleza kabla ya kukatwa. Jambo hili limeniumiza, kwa sababu usiku ule nilifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wangu.

Naomba:
nipatiwe maelezo hayo kwa maandishi; nisikilizwe; na kama kosa si langu, nirudishiwe 85,000 pamoja na mshahara wa Aprili. Naomba pia ufunguo wa stoo uachwe kwa zamu ya usiku.

Nitashukuru kupata jibu kufikia Ijumaa tarehe 4 Aprili.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa chumba cha baridi, zamu ya usiku"

Jina lako weka mwenyewe, kwa herufi zote. Ombi la ufunguo nimeliongeza mimi. Usipolipenda litoe, ila umeme utakatika tena.

Dada