Fizikia ya Ziwa: Mhadhara wa Kwanza

Marahaba, kaeni. Mliosimama mlangoni sogeeni mbele, viti vipo.

Tutakutana Jumatatu na Alhamisi, saa 2:00 hadi saa 4:00 asubuhi, kwa wiki 15. Kazi za muhula zina alama 40: majaribio mawili ya alama 10 kila moja, na ripoti mbili za ziwani za alama 10 kila moja. Mtihani wa mwisho una 60. Ripoti iliyochelewa inapoteza alama 2 kila siku. Ripoti yenye vipimo vya kubuni inapata sifuri, hata kama maelezo yake ni mazuri kuliko ya darasa zima. Kipimo kilichokataa ukakieleza kwa nini kimekataa, hicho nakipa alama zote.

Ziwani tutakwenda wiki ya 5 na wiki ya 11. Tunaondoka mwalo wa Kibirizi saa 12:00 asubuhi, na boti haimsubiri mtu. Jaketi la kujiokolea linavaliwa na kufungwa tangu nchi kavu. La kukaliwa kama mto halimwokoi mtu. Njoo na penseli, kwa sababu wino ukilowa unafutika na data yako inakwenda nao.

Kosa linaloharibu ripoti nyingi ni kamba. Unashusha chupa ya sampuli, unahesabu mita 100 za kamba, unaandika "kina mita 100". Lakini boti inasukumwa na upepo na kamba imelala. Ikilala nyuzi 30 kutoka wima, chupa iko mita 87 tu. Basi pima pembe kila mara, zidisha urefu wa kamba kwa kosaini yake. Kosa la pili ni haraka: kile chuma kinachoteleza kwenye kamba kufunga chupa kinahitaji muda kufika. Shika kamba, usikie mtikiso, ndipo uvute. Na maji ya kupimia oksijeni yamiminwe kwa mpira unaogusa sakafu ya chupa, yafurike, ufunge bila kubakiza kiputo. Kiputo kimoja kinaongeza oksijeni ambayo ziwani haikuwepo, na kwenye maji ya chini kinakudanganya kabisa.

Nasema "kabisa" kwa sababu huko chini oksijeni haipo. Na hapa ndipo swali letu lilipo.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Upande wetu huu wa Kigoma, ukishapita mita 100 hadi 150, oksijeni imekwisha. Dagaa na migebuka wote wanaishi kwenye ile ngozi ya juu. Chini yake kuna zaidi ya kilomita moja ya maji ambayo samaki hawezi kuyapumua, na sampuli za kina kirefu mtazisikia zinanuka yai viza. Wakati huohuo, maji hayohayo yamejaa fosforasi na naitrojeni, yaani mbolea ambayo mimea midogo ya juu inaililia. Chakula kipo ghalani, mlango umefungwa.

Najua mnataka kusema nini: "Ni kina, mwalimu." Haya, Ziwa Baikali kule Siberia lina kina cha mita 1,642, yaani kirefu kuliko letu, na oksijeni inafika mpaka sakafuni. Kina peke yake hakijibu.

Labda basi chini kuna baridi kali? Hapana. Msimu wa mvua maji ya juu huwa nyuzi 27 hivi, ya sakafuni ni 23 na nusu hivi. Ukitia mkono mmoja huku na mwingine kule, tofauti utaihisi kwa shida. Upepo wa kusi unavuma kuanzia Mei hadi Septemba, miezi mitano unalisukuma ziwa lote kwenda kaskazini, na bado hauwezi kulichanganya hadi chini.

Swali la muhula ndilo hili: nyuzi tatu na nusu tu za joto zinawezaje kufunga ziwa zima?

Jibu sitoi leo. Nawaandikia ubaoni uzito wa lita moja ya maji safi:

nyuzi 4: gramu 999.97
nyuzi 7: gramu 999.90
nyuzi 24: gramu 997.30
nyuzi 27: gramu 996.51

Toa mwenyewe, jozi kwa jozi. Zote zimetofautiana kwa nyuzi tatu. Angalieni kilichotokea kwenye gramu, kisha kumbukeni Baikali huganda juu kila majira ya baridi.

Alhamisi kila mmoja alete nusu ukurasa wa mkono wake: hesabu yako, dhana yako, na jambo moja ambalo likipimwa wiki ya 5 litaonyesha kama umekosea. Hilo la mwisho ndilo nitakalolisoma kwanza. Nitakuja na beseni la kioo, maji ya moto, maji ya bomba na rangi ya chakula. Wawili wa mstari wa nyuma mje saa 1:30 tubebe.