Notisi ya Kuhama Chumba Namba 6 na Ombi la Kurudishiwa Dipoziti

Chumba Namba 6,
Kaptembwa, Nakuru.
Ijumaa, 29 Agosti 2025.

Kwa Mama Chebet,
Mwenye ploti.

KUH: NOTISI YA MWEZI MMOJA NA KURUDISHIWA DIPOZITI YA SHILINGI 5,000

Mama, habari za siku nyingi. Sisi hatujambo, na natumai wa kwako nyumbani wako salama.

Nakuandikia kukujulisha kwamba mimi na familia yangu tutahama chumba namba 6 siku ya Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025. Hatuhami kwa ugomvi. Nimepata kazi ya kudumu Kisumu kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, na Mama Imani ameshatangulia kutafuta shule ya mtoto. Tumeishi kwako miaka mitatu na zaidi na watoto wa ploti wamekuwa ndugu. Imani ameanza kuuliza kama paka wa uani naye anapanda matatu.

Wewe na mimi hatukuandikiana mkataba, lakini kwenye risiti ya kwanza uliandika kwa mkono wako, chini ya kiasi, "notisi mwezi mmoja". Hata sheria ya ardhi ya mwaka 2012 inataka mpangaji wa kulipa mwezi kwa mwezi atoe notisi isiyopungua mwezi. Ndiyo sababu barua hii unaipata kabla Septemba haijaanza.

Kodi ya Septemba, shilingi 4,500, pamoja na 300 za maji, nitakutumia kwa M-Pesa kabla ya tarehe 5 kama kawaida. Nalisema hili wazi kwa sababu najua mazoea ya ploti nyingi: mpangaji akitoa notisi, hunyamaza na kodi, anasema dipoziti ikae badala yake. Mimi sitaki hivyo. Kodi ni kodi, dipoziti ni dipoziti, na hesabu zisipochanganywa hakuna atakayemlaumu mwenzake.

Sasa dipoziti. Nilipoingia Februari 2022 nilikupa taslimu shilingi 4,000 za nyumba na 1,000 za maji na stima, jumla 5,000. Risiti ninayo, na nimeipiga picha nikaibandikia barua hii. Januari 2024 ulipopandisha kodi kutoka 4,000 hadi 4,500 hukudai nyongeza ya dipoziti, kwa hiyo ninayokudai ni ileile 5,000. Zile 1,000 za maji na stima hazina deni la kulipa. Maji nitakuwa nimeyalipa, na stima ya chumba changu ni ya tokeni, mtu hutumia alichonunua. Uniti zitakazobaki siku ya kuhama ni za atakayeingia, simdai.

Kuhusu hali ya chumba, acha nikueleze yote, yanayoniumbua na yasiyoniumbua, usije ukayakuta mwenyewe siku ya mwisho.

Kioo cha dirisha la nyuma, kile kidogo cha chini upande wa kulia, kimepasuka. Ni mpira wa Imani, mwezi wa saba. Kosa ni letu. Sikukuambia mapema, na hapo pia nilikosea. Nilikiziba kwa katoni nikisema kesho, kesho. Fundi amekipima na nitakiweka kipya kwa pesa zangu kabla ya tarehe 20. Usikate kwenye dipoziti.

Doa la kahawia kwenye silingi, juu ya kitanda, si letu. Utakumbuka mvua za Aprili mwaka jana: maji yaliingia kwenye tundu la msumari wa bati, tukalala na sufuria katikati ya chumba, tone moja moja hadi asubuhi. Nilikupigia simu siku hiyo hiyo, na Juni ukamtuma fundi akaziba kwa lami. Hapajavuja tena, nakushukuru. Lakini doa limebaki, na bodi imejikunja kidogo ukingoni. Hilo ni la paa, si la mpangaji.

Halafu kuna rangi. Jirani wa chumba namba 3 alipohama alikatwa shilingi 2,000 za rangi, na mazungumzo yale tuliyasikia sote uani. Sitaki kuingilia ya kwake, huenda mlikuwa na yenu. Kwangu mimi, ukuta niliukuta umechunika, na Desemba 2023 nilikuomba ruhusa nikaupaka rangi ya maziwa kwa gharama yangu, galoni mbili na brashi. Pembeni mwa mahali pa jiko pana weusi wa moshi. Nitausugua kwa sabuni na maji moto, lakini chumba kimoja ambacho ni cha kulala na cha kupikia hakiwezi kukaa miaka mitatu bila kuonyesha kwamba watu waliishi humo. Uchakavu wa namna hiyo ndio kodi inaulipia.

Kufuli la mlango ni jipya. Lile la zamani lilikuwa linafunguka kwa kijiko, nikanunua jingine kwa shilingi 650. Naliacha hapo na funguo zake zote mbili, na sikudai hata senti.

Naomba tukague chumba pamoja Jumamosi, tarehe 27 Septemba, saa nne asubuhi, ukija mwenyewe au ukimtuma mwangalizi. Siku hiyo vitu vingi vitakuwa vimefungwa na kuta zitaonekana. Ukiona kitu cha kukata, tukiandike hapo hapo pamoja na bei yake, na mimi nipate nafasi ya kukirekebisha kabla sijatoka. Kukatwa baada ya kuhama, kwa kitu ambacho sikukiona, sitakubali. Ukitaka kumleta mtu aone chumba kabla ya hapo, karibu, mradi unijulishe usiku wa kuamkia. Mchana mara nyingi hatupo.

Tarehe 30 nitakabidhi funguo, na naomba siku hiyo hiyo unitumie 5,000 kwenye nambari ninayokulipia kodi. Najua wenye nyumba wengi husema mpangaji angoje chumba kipate mtu mwingine. Mama, naomba tusifike huko. Pesa hiyo nilikuwekea, haikuwa kodi, na Kisumu nako nadaiwa dipoziti ya 6,000 kabla sijaingiza hata kiti. Ikiwa 5,000 zote ni nzito kwa siku moja, nitakuelewa ukinipa 3,000 siku ya funguo na 2,000 kufikia Oktoba 10, ila tuandikiane.

Nataja jambo moja mara moja tu kisha naliacha: ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sikutishi. Kwa jinsi ulivyonivumilia Machi 2023 nilipochelewesha kodi wiki tatu baada ya kuungua mkono kazini, ningeona aibu kukupeleka mbele ya mtu yeyote, hata mzee wa mtaa.

Barua hii ina nakala mbili. Moja ni yako, ya pili naomba wewe au mwangalizi atie sahihi na tarehe ya kuipokea kisha anirudishie.

Wako mpangaji,

Wekesa, Baba Imani
Chumba namba 6

Imeambatanishwa: picha ya risiti ya Februari 2022, picha mbili za silingi za Aprili 2024, picha ya ukuta kabla na baada ya kupakwa rangi.