Kichwa kipya na aya ya kwanza ya ile makala yako ya betri

Dada, nimeisoma mara mbili na pale katikati unapoeleza joto linavyoila betri mi mwenyewe nimejifunza kitu, shida ni kwamba mtu hafiki huko. Kichwa kinasema "Umuhimu wa Kutunza Betri ya Simu", halafu unafungua na "Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia", mara tuko 1991 betri za lithiamu-ioni ndo zinaingia sokoni, mara Nobeli ya kemia ya 2019, na msomaji wako ana chaji asilimia 14 anataka tu kujua simu yake imekumbwa na nini. Nimeandika upya hivi:

"UNAILAZA SIMU KWENYE CHAJI? ANGALIA JOTO KABLA HUJALAUMU USIKU

Ilipokuwa mpya ilikuwa inamaliza siku nzima. Sasa hivi mchana haujaisha ushaanza kutafuta chaja, na kila unayemuuliza anakwambia ni kwa sababu unaiacha kwenye umeme usiku kucha. Hiyo ni nusu ya ukweli. Simu za siku hizi zikijaa zinakata chaji zenyewe, haziendelei kujazwa mpaka asubuhi. Kinachoichosha betri ni kukaa imejaa pomoni masaa mengi, na ikiwa na joto ndo mbaya zaidi, yani ukiichaji chini ya mto joto halina pa kutokea, betri inazeeka haraka na uwezo ukishapotea haurudi. Leo usiku iweke mahali pa wazi, na kama simu yako ina setingi ya kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, iwashe. Kwa nini 80 na sio 100? Jibu liko kwenye volti."

Hapo sasa unaingia moja kwa moja kwenye aya yako ya volti, sijaigusa hata neno. 1991 na Nobeli sijazifuta, zihamishie chini unapoeleza lithiamu, pale zitasomwa kwa hamu maana mtu ashajua zinamhusu nini.

Kichwa cha kwanza nilichoandika kilikuwa "Siri 7 za Betri Usizozijua" nikakifuta, kwanza ndani hakuna vitu saba, pili mtu ukimdanganya kwenye kichwa anaondoka na kesho harudi. Na mwanzo nilikuwa nimeandika "kinachoua betri ni joto tu", nikaona hapana, kujaa nako kunachangia na wewe mwenyewe umeeleza vizuri huko chini, sasa kichwa kikisema joto tu kitapingana na makala.

Ile "nusu ya ukweli" naomba usiiondoe. Ndo inamfanya mtu asimame, maana kote ameshaambiwa ni usiku. Ukiona "pomoni" haikai kinywani mwako weka "imejaa kabisa", ila sentensi usiirefushe.