Ripoti ya kuhesabu mali ya depo na duka, Desemba 2025

Lubumbashi, tarehe 5 Januari 2026

Kwa Mama, mwenye duka na depo
Kutoka kwa mhasibu

Mama,

Kazi ya kuhesabu mali uliyoniachia kabla ya kusafiri imekwisha. Kwa mujibu wa vitabu, tulipaswa kuwa na mali ya dola 84,620 katika depo ya Kampemba na duka la Kenya, komini mbili za hapa Lubumbashi. Tuliyoikuta ni ya dola 83,400, na ndani yake kuna simenti ya dola 473 ambayo haiuziki tena, hivyo mali tunayoweza kuitegemea ni ya dola 82,927. Bei zote katika ripoti hii ni za kununulia, usafiri ukiwa ndani.

Ulipopiga simu ulisema kwamba mtunza depo anatuibia na kwamba ripoti hii itakusaidia kumwachisha kazi. Ninalazimika kukueleza mapema kwamba sikuona hivyo. Theluthi mbili za upungufu zimepata maelezo, na karibu zote zinatokana na karatasi ambazo hazikuandikwa na vipimo ambavyo hakuna aliyevikagua, mimi mwenyewe nikiwamo. Theluthi iliyobaki haina maelezo, na sehemu yake kubwa iko mahali pamoja, kwenye nyaya za umeme. Hapo shaka ipo, ila bado siwezi kumtaja mtu.

Jinsi tulivyohesabu

Tulifunga mauzo Jumamosi tarehe 27 Desemba saa sita mchana, boni ya mwisho ikiwa namba 2318, tukahesabu hadi Jumapili jioni. Makundi mawili ya watu wawili wawili yalihesabu kila kitu mara mbili kwa kubadilishana sehemu, na hakuna aliyepewa fishi za stoki, ili mtu asije akahesabu huku akitafuta namba anayoijua. Mtunza depo alikuwapo muda wote, alionyesha mahali na kushusha mizigo, lakini hakuandika. Mauzo ya tarehe 29 hadi 31 niliyaingiza baadaye kutoka kwenye boni, ili hesabu ifungwe tarehe 31 Desemba kama sheria ya uhasibu ya OHADA inavyotaka.

Tofauti zilizoonekana

| Mali | Tofauti | Dola |
|---|---|---|
| Simenti, mifuko ya kilo 50 | pungufu 29 | −319 |
| Vyuma vya betoni vya mm 12 | pungufu 38 | −364 |
| Mabati namba 28 | pungufu 46 | −414 |
| Mabati namba 30 | zaidi 41 | +287 |
| Misumari | pungufu kilo 61 | −98 |
| Nyaya za umeme | pungufu rulo 14 na mita 109 | −534 |
| Kufuli, bawaba na vitu vidogo | pungufu | −86 |
| Rangi, ndoo za lita 20 | zaidi 14 | +308 |

Nikiyachukua mabati ya namba zote mbili pamoja, upungufu wote ni dola 1,528. Zile ndoo 14 za rangi zisikufurahishe, Mama: zilifika mwezi wa Novemba, faktire ikabaki kwa shofa ndani ya gari, na sisi hatukuiandika. Si faida, ni deni la dola 308 kwa aliyetuuzia, nami nimekwisha kuliingiza.

Sababu tulizozipata

Nianze na vyuma vya betoni, kwa sababu ndivyo vilivyonifundisha zaidi. Tunanunua kwa tani na kuuza kwa kipande. Chuma cha mm 12 chenye urefu wa mita 12 kinapaswa kuwa na uzito wa kilo 10.66 hivi, na ndiyo maana kila tani iliyoingia tuliiandika kuwa vipande 94. Mwaka uliokwisha ziliingia tani 8, tukaandika vipande 752 bila mtu yeyote kuvihesabu vikishuka. Jumapili nilichukua vipande 10 katika vile vilivyobaki, nikavipima kwenye mizani kubwa ya jirani: vilikuwa kilo 112. Chuma tunacholetewa ni kizito kidogo kuliko cha kwenye jedwali, na kwa uzito huo tani 8 ni vipande 714. Ukitoa 714 katika 752 unapata 38, ndio upungufu wenyewe. Vyuma hivyo havikuibwa, havikuwahi kuingia. Aliyetuuzia naye hakutudhulumu, maana alitupa tani zake kamili. Tulichopoteza kiko kwenye bei: tulidhani kipande kimoja kimetugharimu dola 9.57, kumbe ni dola 10.08, na mwaka mzima tumeuza kwa kufuata ile ya kwanza.

Misumari ina hadithi inayofanana. Tulitenga bidoni tupu kwenye mizani ya duka, tukarudisha mshale kwenye sifuri, kisha tukamimina lita 5 za maji, ambazo ni kilo 5. Mshale ulisimama kwenye kilo 4.8. Tulirudia mara tatu, haukusogea. Maana yake, kila mteja aliyelipia kilo moja ameondoka na gramu 42 hivi za ziada. Mwaka uliokwisha tuliuza kilo 1,460 za misumari iliyofunguliwa, na ziada hiyo inafikia kilo 61. Wateja wamekuwa wakisema kwamba duka letu lina kipimo kizuri. Sasa tunajua kwa nini.

Kwa simenti, naomba radhi kwa nitakayosema. Katika mifuko 29, mifuko 17 ilichukuliwa mwezi wa Oktoba kujenga upya ukuta wa depo, kwa agizo lako la simu, na fundi mwenyewe ameithibitisha. Hapakuandikwa boni kwa sababu mtunza depo hakuthubutu kukuomba karatasi. Mifuko 8 alikopeshwa mteja wetu wa siku nyingi, na deni liliandikwa nyuma ya kalenda badala ya kwenye daftari la madeni. Mifuko 4 ilipasuka ikatupwa. Zaidi ya hiyo kuna mifuko 43 iliyoshikana kuwa mawe, ambayo tuliihesabu kuwa ipo lakini nimeiondolea thamani kabla ya kufunga mwaka. Ilikuwa chini kabisa, imeegemea ukuta, juu ya sakafu tupu, na mpya ilikuwa ikipangwa juu yake kila shehena ilipofika, hivyo ya zamani haikutoka hata siku moja. Mvua zilipoanza, maji yakapanda kutoka sakafuni.

Mabati, au manjanja kama wateja wetu wanavyoyaita, yamebadilishana. Namba imeandikwa kwa chaki pembeni mwa kila rundo, na chaki imefutika. Mara 41 tumetoa bati namba 28, ambalo ni nene zaidi, kwa mtu aliyelipia namba 30, na kila mara tumepoteza dola 2 za gharama. Mabati 5 ya namba 28 yaliyobaki sikuyapatia sababu.

Nyaya za umeme

Zimekosekana rulo 11 za mm 2.5 na rulo 3 za mm 1.5. Rulo 4 za mm 2.5 zilikatwa dukani zikauzwa kwa mita. Fedha zake nimeziona katika kese, lakini fishi ya stoki haikupunguzwa. Kwa rulo 10 zilizobaki sina boni, sina fedha, wala hakuna anayekumbuka.

Kisha tulipokuwa tunashusha rundo la mwisho, kijana mmoja alisema kwamba rulo za chini ni nyepesi. Plastiki yake ilikuwa imefungwa tena kwa utepe mweusi wa umeme, kwa ustadi, upande uliogeukia ukuta. Tulizifungua na kuzipima kwa futi sakafuni: badala ya mita 100 kila moja, ya kwanza ilikuwa na mita 62, ya pili 58, ya tatu 71. Mtu anayekata waya na kuifunga rulo namna hii hajasahau karatasi. Lakini, Mama, ufunguo wa chumba hicho unashikwa na watu watatu: mtunza depo, muuzaji wa duka anayekuja kuchukua mali jioni, na zamu wa usiku. Ukimwachisha kazi mmoja leo bila ushahidi, huenda ukambakiza mwenye makosa, naye atakuwa amejifunza kujificha vizuri zaidi.

Nyaya hizo zisizo na maelezo ni za dola 382. Nikiongeza mabati 5 na vitu vidogo ambavyo sikuweza kuvifuatilia kimoja kimoja, jumla isiyo na sababu ni dola 513.

Ninayopendekeza

La kwanza, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kwamba kitu chochote kisivuke mlango wa depo bila boni yenye namba na nakala tatu: moja kwa anayechukua, moja kwa depo, moja kwangu siku hiyohiyo. Sharti hili likuhusu wewe pia, pamoja na ndugu na mafundi wa nyumbani. Ukipiga simu, mtunza depo aandike boni akitaja kwamba ni agizo lako, nawe utatia saini ukifika. Nikiona namba imerukwa, nitauliza jioni hiyo badala ya kungoja Desemba.

Mali inayoingia ihesabiwe na watu wawili kabla shofa hajaondoka, na faktire yake ibaki depo. Vyuma vihesabiwe kwa kipande, na vipande 10 vipimwe katika kila shehena ili tujue gharama halisi kabla ya kupanga bei. Bei ya sasa ya mm 12 ningependa tuitazame wiki hii.

Nyaya zihamishiwe kwenye kile chumba kidogo chenye mlango wa chuma, kufuli ibadilishwe, ufunguo awe nao mtunza depo peke yake na wa akiba uwe kwako. Ndipo kama kitapungua kitu, tutakuwa na wa kumuuliza. Rulo inayokatwa kwa mita iwe moja tu kwa kila aina, ikae dukani na kikaratasi cha mita zilizobaki.

Mizani ya duka itengenezwe au inunuliwe nyingine. Kwa sasa nimeizuia isitumike. Simenti iwekwe juu ya palete, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Mabati yaandikwe namba kwa rangi. Kila mwisho wa mwezi nitahesabu aina tano za mali bila kutangaza ni zipi, na nyaya zitakuwamo kila mara hadi Juni.

Sipendekezi mtu yeyote akatwe mshahara kwa ajili ya hesabu hii. Tutakuwa tunamtoza mtunza depo vyuma ambavyo havikuingia na simenti iliyoko kwenye ukuta wako.

Ninahitaji jibu lako kuhusu bei ya vyuma, mizani na kufuli kabla ya tarehe 15 Januari. Rulo tatu zilizokatwa sikuzirudisha kwenye rundo; nimezifungia kwenye kabati la ofisi pamoja na utepe wake, uzione mwenyewe utakaporudi.

Wako kwa heshima,
Mhasibu