Ombi dogo kuhusu yale makochi

Habari za jioni, Mwalimu. Nilifurahi sana uliposema wageni wako hawakuamini makochi yametengenezwa hapa Kibuye.

Nina ombi. Wateja wapya huogopa kutuma dipoziti kwa fundi wasiyemjua, na neno la aliyenunua huwatuliza kuliko picha zangu. Unaweza kuniandikia sentensi mbili tatu, au kunirekodia sauti hapahapa: ulihofia nini kabla ya kuagiza, na sasa makochi yakoje? Sema ukweli wako, hata kasoro.

Nitaandika "Mwalimu, Mamboleo" tu, bila jina, na utaisoma kwanza kabla sijaiweka popote.

Ukikosa nafasi, hakuna neno kabisa. Jumamosi nakuja kushona ule mto vilevile.

Fundi wako, Kibuye